Mnaposema "hataendana nasi", mna maana gani?

*"Shikamoo dada. Nina biashara ya kununua, kuchambua na kusafirisha dagaa hapa Kirumba, jirani na Mwaloni. Tuko 14, tunaishi kama ndugu, wengi wetu tumetokea upande wa Magu. Natafuta msimamizi wa mapokezi ya mzigo na tumeshasaili watu wawili. Wa kwanza ni kijana aliyesoma shule moja na mhasibu wangu, ni mwanakwaya, dakika kumi tu tulikuwa tunacheka naye. Wa pili ni dada wa Ukerewe, mkimya. Tulimuuliza kama ana watoto na kama ataweza kukaa na wanaume ufukweni, akajibu kwa kifupi. Yeye akatuuliza mizani yetu ilikaguliwa lini na kwa nini daftari la mzigo uliorudishwa halina tarehe. Mtunza stoo akanuna. Kamati nzima inasema kijana ndiye, huyu dada hataendana nasi. Nasikia siku hizi mtu haajiriwi kwa kuendana bali kwa anachoongeza. Nifuate lipi? Mwaka huu nimerudishiwa mzigo mara mbili kwa sababu ya mchanga, lakini pia sitaki kuvunja umoja wa watu wangu."*

Marahaba kaka. Nianze na huo mchanga, maana jibu lako limejificha humo.

Dagaa aliyeanikwa chini ufukweni hubeba mchanga, aliyeanikwa kwenye chanja hana. Hilo hata mtoto wa Mwaloni analijua. Na kuukamata mchanga hakuhitaji mashine: unachota kilo moja kutoka katikati ya gunia, unachekecha, unapima kilichobaki chini. Ukipata gramu 60, basi gunia la kilo 50 lina kilo 3 za mchanga, na kwenye gunia 100 umelipia kilo 300 za ufukwe wa Ziwa Victoria kwa bei ya dagaa. Sasa jiulize: watu 14 wanaomjua dagaa tangu utotoni waliupokeaje mzigo ule, tena mara mbili?

Nakisia, unisahihishe nikikosea. Waliuona. Ila aliyeuleta ni shemeji wa mmoja wenu, au jirani wa nyumbani, na kumwambia "pakia urudi nao" ni kumwaibisha mtu mtakayekaa naye mkeka mmoja msibani wiki ijayo. Mpokeaji akafunga gunia, akaandika namba, yakaisha. Wala simlaumu. Ningekuwa mimi, shemeji yangu amesimama pale na jasho linamtoka, pengine ningefanya vilevile. Lakini ona kilichotokea: ule umoja unaotaka kuulinda ndio uliomfunga mtu mdomo. Na sasa nafasi ileile ya mapokezi mnataka kumpa mtu ambaye sifa yake kubwa ni kwamba anaingia kwenye umoja huo bila kugonga mlango.

Hapa ndipo neno "kuendana" linapotuchanganya, kwa sababu limebeba mambo mawili. La kwanza ni namna ya kufanya kazi ambayo bila hiyo biashara yako inakufa: hakuna kuchezea uzito, habari mbaya inafika kwako siku hiyohiyo, mvuvi na mchuuzi wanaongeleshwa kiutu hata mkikataa mzigo wao. Katika hayo kila unayemwajiri lazima aendane nanyi, na wala usikubali kubembelezwa. La pili ni mazoea yenu: mnapotoka, salamu za "mwangaluka" asubuhi, utani, kwaya, Simba na Yanga. Ni mambo mazuri, yanafanya siku ipite. Ila hakuna gunia hata moja lililowahi kuwa safi kwa sababu ya hayo.

Shida ni kwamba moyoni mambo hayo mawili yanaleta hisia moja. Mtu anayetamka maneno kama wewe na kucheka unapocheka anakupumzisha, na pumziko lile unalisoma kama uwezo. Mwaka 2012 mtafiti wa Marekani, Lauren Rivera, alichapisha matokeo ya mazungumzo na waajiri 120 wa kampuni kubwa za kule za sheria, fedha na ushauri. Wenyewe walidhani wanapima akili na bidii. Kumbe burudani mnazoshiriki, malezi na namna ya kuongea vilikuwa na uzito mkubwa kwenye uamuzi, na mara nyingine viliushinda hata uwezo wa kazi. Wale walikuwa na idara nzima za rasilimali watu. Wewe una kamati yako na chupa ya chai.

Nisijitoe. Miaka ya nyuma nilikaa kwenye kamati ya usaili ya kampuni moja hapa Mwanza, sitaitaja, na kijana mmoja nilimpa alama za juu kabisa. Baadaye kazi ilipoharibika niliombwa nieleze, nikafungua faili kutafuta karatasi yangu. Kwenye nafasi ya maelezo nilikuwa nimeandika maneno mawili: "mtu wetu". Hakukuwa na kitu kingine. Nilikaa na ile karatasi muda mrefu nikitafuta huyo "wetu" ni nani, maana hata mwenye kampuni hakuwa mtu wa kwetu.

Tabia hii haiishii kwa mtu mmoja, hujilimbikiza. Mwanasaikolojia Benjamin Schneider alieleza mwaka 1987 jinsi sehemu ya kazi inavyojinakili: wanaofanana nanyi ndio wanaovutiwa kuomba, ndio mnaowachagua, na asiyefanana akiingia kwa bahati anaondoka mapema. Baada ya miaka kadhaa mnabaki nakala za mtu mmoja, na anayefuata akija tofauti anaonekana ana kasoro. Rudi kwenye daftari lako uangalie waliowahi kuacha kazi kwako. Kama wengi walikuwa wale ambao hawakutokea upande wenu, basi umoja huo haukujengwa kwa kuelewana tu. Umejengwa pia kwa kuwapunguza wengine kimyakimya.

Sasa hilo la "anachoongeza" ulilolisikia. Ni wazo zuri, ila limeanza kutumika vibaya kama lile la kwanza. Kuna mwenye duka atakayemwajiri mtu wa kabila lingine, au mwanamke wa kwanza, kisha apumue: nimeongeza. Hajaongeza kitu. Kabila si ujuzi, na ukimya wa dada huyu wala si sifa, kama ambavyo uchangamfu wa kijana si kosa. Kuongeza maana yake kuna pengo unalolijua, unaloweza kulitaja kwa sentensi moja, na mtu huyu ana kitu cha kuliziba. Kama hujataja pengo, huwezi kupima nyongeza. Utakuwa unapima ugeni tu.

Pengo lako, kama nimekisia sawa, ni hili: hakuna anayekataa mzigo mbovu wakati mwenye mzigo amesimama mbele yake. Pengine lipo la pili, kumbukumbu zisizo na tarehe, kwa sababu bila tarehe hujui mzigo uliorudi ulitoka kwa nani. Lakini usiweke mengi. Hilo la kwanza likizibwa umeokoa biashara.

Kwa hiyo usaili mliofanya nauhesabu haujafanyika. Usikasirike. Kijana aliulizwa habari za shule na kwaya, dada akaulizwa habari za watoto na wanaume. Hao wawili hawakufanya mtihani mmoja, mnawalinganishaje? Na hilo swali la watoto nisimame nalo kidogo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja au wa kuzunguka, na kati ya misingi inayotajwa kuna jinsia, hali ya ndoa, majukumu ya familia, kabila na mahali mtu anapotoka. Kinga hiyo haianzi mtu akishaajiriwa, inamfunika hata mwombaji. Sheria inakuruhusu kutofautisha watu kwa mahitaji halisi ya kazi yenyewe, basi uliza mahitaji hayo. Kama mitumbwi inaingia alfajiri na mpokeaji lazima awepo saa 11, mwambie kila mwombaji: "Kazi inaanza saa 11 alfajiri siku za giza, utaweza?" Dada ajibu, kijana naye ajibu. Nani analea watoto nyumbani, hilo halikuhusu.

Waite wote wawili tena. Waambie ukweli kwamba usaili wa kwanza haukuwa sawa kwa pande zote na unataka kuurudia. Kabla hawajafika, keti na kamati mwandike yale mambo matatu ya lazima na lile pengo moja. Yaandikwe kabla, kwenye karatasi, maana yakiandikwa baada ya kumwona mtu yatashonwa kwa kipimo chake. Kisha kila mmoja apewe maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, na mtihani wa mikono.

Mtihani wenyewe ningeuweka hivi. Tandika gunia tatu, moja safi, moja lenye mchanga, moja lenye unyevu ndani ingawa juu limekauka. Mpe ungo, mizani ndogo na daftari. Usimwambie shida iko wapi. Mtu wako mmoja aigize mleta mzigo, tena aigize vizuri: awe na haraka, ataje jina la bosi, aseme "mbona jana mmepokea wa namna hii?" Mpe dakika 20. Unaangalia vitu vinne tu: amechota sampuli katikati ya gunia au juu tu, ameandika nini na kama tarehe ipo, ameshikilia uamuzi wake au ameyumba alipotajiwa jina lako, na amemkataa yule mtu kwa heshima au kwa kumdhalilisha. Hicho cha nne usikidharau. Msimamizi anayekataa mzigo kwa matusi atakufukuzia wachuuzi kabla mbalamwezi haijaingia, na wakati huo, dagaa wakiwa hawavuliki vizuri kwa sababu ya mwanga wake, mzigo ukiadimika utawatafuta kwa tochi.

Elezeni mapema alama zina maana gani. Kwa mfano kwenye kushikilia uamuzi: 1 ni amepokea mzigo mbovu, 3 ni amekataa ila akasema "ngoja nimuulize bosi" bila kuonyesha sababu, 5 ni amekataa, akaonyesha mchanga uliobaki, akaandika, na akamweleza mleta mzigo la kufanya ili safari nyingine apokelewe. Kila mjumbe ajaze karatasi yake peke yake, aikunje, akupe. Ndipo mzungumze. Mkianza na mazungumzo, wa kwanza kufungua mdomo ndiye atakayekuwa ameajiri. Mtunza stoo aweke alama kama wengine, lakini asiwe wa kwanza kusema, maana swali la mizani lilimgusa yeye. Na mlete mtu mmoja wa nje, hata mfanyabiashara mwenzako wa Igoma asiye na ndugu kwenye timu yako.

Halafu lile neno lenyewe likitokea tena, msilikataze. Mpe aliyelisema sentensi hii aijaze: "Hataendana nasi kwa sababu nilimwona akifanya hiki, na kazini kitasababisha hiki." Hebu tujaribu na mliyoyasema. "Ni mkimya" itasababisha nini? Kama hawezi kumkataa mleta mzigo, mtihani utaonyesha, kama anaweza, ukimya wake ni wake. "Hakucheka" haina nusu ya pili, itupwe. "Aliuliza habari za mizani" itasababisha nini? Itasababisha mizani ikaguliwe. Hiyo unaiona mwenyewe imeangukia upande gani. Ila kama mjumbe anasema, "Nilimwona akimjibu mlinzi kwa dharau getini," hiyo imejaa pande zote mbili, inagusa jambo lenu la lazima, na mnapaswa kuipima hata kama mtu huyo angekuwa ndiye bora kwenye ungo.

Kumbuka kijana naye anaweza kushinda. Sijui amefanya nini kazini huko nyuma. Inawezekana kabisa mwanakwaya huyu akamkatalia mtu mzigo huku anamshika bega, na mchuuzi akaondoka bila kinyongo. Akifanya hivyo mbele ya kamati, yeye ndiye nyongeza yako, na shule aliyosoma na mhasibu haimpunguzii kitu. Wakilingana kabisa, hapo ningeelekea kwa dada, kwa sababu moja tu: mleta mzigo hatakuwa shemeji yake.

Kuhusu umoja kuvunjika, sitakudanganya kwamba hautatikisika. Katherine Phillips na wenzake walichapisha jaribio mwaka 2009: vikundi vya watu wanaofahamiana vilipewa kesi ya mauaji watafute mhalifu, kisha katikati akaingizwa mtu mmoja, ama wa kundi lao au wa kundi lingine. Vikundi vilivyopata mgeni vilisema kazi yao haikwenda vizuri na havikuwa na uhakika na jibu. Lakini ndivyo vilivyopata jibu sahihi zaidi. Na cha kushangaza, haikuwa lazima mgeni alete wazo jipya. Kuwepo kwake kuliwafanya wenyeji waanze kupima upya waliyokuwa wakikubaliana harakaharaka. Kwa hiyo wiki za mwanzo watu wako wakija kukwambia "siku hizi ofisini hakuna raha kama zamani", usiharakishe kusema mlikosea. Kwanza nenda uangalie ungo.

Kosa ninaloliona mara nyingi baada ya hapo ni la bosi. Anamwajiri mtu wa kuziba pengo, kisha anamwacha alizibe peke yake. Msimamizi mpya akikataa gunia la kwanza, mleta mzigo atakupigia simu wewe. Ukisema "mpokelee tu leo", umeiua kazi yake siku hiyohiyo, na yeye atajifunza kunyamaza kama wenzake au ataanza kutafuta kwingine. Kwa hiyo kabla hajaripoti, kiwango cha mchanga na unyevu unachokubali kiandikwe kwa herufi kubwa kibandikwe pale pa kupimia, na uwaambie wachuuzi wewe mwenyewe, ukiwa umesimama pale, kwamba hii ni kanuni yako. Kanuni ikiwa kichwani mwake ataitwa mkorofi. Ikiwa ukutani, atakuwa anasoma tu.

Mpe miezi mitatu, na kila wiki chekecha gunia mbili tatu mwenyewe bila kutoa taarifa. Daftari likionyesha hakuna mzigo uliokataliwa, usifurahi bado. Ama wachuuzi wamehamia kwenye chanja, ama msimamizi wako amemezwa. Ungo wako ndio utakaokwambia ni lipi.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi. Kama yeyote kati ya waliosailiwa amelalamika kwa maandishi, au umepata wito wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, usijibu kwa simu wala kwa ujumbe wa hasira. Beba karatasi zako zote za usaili, hata zenye aibu, umwone wakili au afisa kazi hapa Mwanza. Na kama kwenye kamati kuna ndugu wa damu wa mwombaji, mtoe kwanza, hata kama ni mtu unayemwamini kwa kila kitu.

Sijasahau ile mizani. Angalia stika ya Wakala wa Vipimo ni ya mwaka gani. Kama imepita, waite waje kuikagua kabla hujamwita mtu yeyote kwenye usaili wa pili, na mtunza stoo awepo wanapoikagua.